Ubini wa Mtoto Baada ya Talaka: Nani Anatia Saini?

Fomu ya kuandikisha mtoto shule nchini Uingereza ina kisanduku cha jina la mtoto, na pembeni yake kisanduku cha jina la ukoo. Mwalimu akiita mahudhurio asubuhi, ubini unaitwa pia. Kwa mama aliyeachika na kuolewa tena, kisanduku hicho cha pili ndicho kinachomnyima usingizi.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa vipande vyake nimevisikia mara nyingi kwenye mazungumzo ya jioni za Leicester na London. Mama ni Mzanzibari. Binti yake, tumwite Salma, ana miaka saba na amezaliwa Uingereza. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa ubini ni Khamis, ambalo ni jina la babu yake mzaa baba. Wazazi wameachana miaka mitatu sasa, baba amehamia Manchester na humchukua binti wikiendi moja katika mwezi, nyingine zinampita. Mama ameolewa na Bwana Mbarouk, wamepata mtoto wa kiume, naye mwenyewe ameanza kutumia jina la Mbarouk kwenye karatasi zake. Kwetu pwani mke habadilishi jina la baba yake kwa sababu ameolewa, lakini ukikaa Uingereza miaka kumi unachoka kumweleza kila karani kwa nini wewe na mumeo hamfanani majina. Sasa nyumba nzima ni Mbarouk isipokuwa Salma. Siku moja mtoto anarudi kutoka shule na kuuliza, “Mama, mimi ni wa nani?”

Usiku huo mama anafungua kompyuta. Anakuta kampuni zinazotengeneza hati ya kubadili jina kwa malipo madogo, jambo linaloonekana kuwa la nusu saa. Anafika kwenye ukurasa unaotaka saini ya baba, na hapo ndipo anasimama.

Sheria inayomsimamisha ni Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, inayotumika Uingereza na Welisi. Kifungu chake cha 13 kinasema kwamba pale mahakama iliposhatoa amri ya mtoto akae na nani, hakuna mtu anayeruhusiwa kumfanya mtoto ajulikane kwa ubini mpya bila idhini ya maandishi ya kila mwenye mamlaka ya mzazi, au bila ruhusa ya mahakama. Neno la kuangalia hapo ni “ajulikane”. Wengi hudhani katazo linahusu hati rasmi peke yake, kwa hiyo wanakwenda shuleni au kwa daktari na kuomba jina libadilishwe kimyakimya kwenye orodha. Nako ni kumfanya mtoto ajulikane kwa jina jipya. Shule inayojua kazi yake itauliza barua ya mzazi mwenzako, na isipouliza, baba akigundua ana haki ya kwenda mahakamani kudai jina lirudi.

Je, kama wazazi waliachana bila mahakama kutoa amri yoyote juu ya mtoto? Hali hiyo ni ya kawaida sana, na mama wengi huamini kwamba hapo wako huru. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliziamua kesi tatu za ubini kwa pamoja na kuweka utaratibu unaofuatwa mpaka leo: hata pasipo amri, anayetaka kuubadili ubini uliosajiliwa anapaswa kupata idhini ya maandishi, na akiikosa aende mahakamani. Talaka ya wazazi haihesabiki kuwa idhini.

Swali linalofuata ni nani hasa mwenye mamlaka ya mzazi, na hapa familia zetu zina fundo lake. Mama anayo tangu mtoto anapozaliwa. Baba aliyefunga ndoa na mama anayo vilevile, wala talaka haimwondolei. Kutolipa matunzo hakumwondolei. Kutomwona mtoto mwaka mzima hakumwondolei. Baba ambaye hakuwa na ndoa na mama anaipata kama jina lake liliandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa kuanzia tarehe 1 Desemba 2003, au kwa makubaliano rasmi na mama, au kwa amri ya mahakama.

Fundo lenyewe ni hili. Nikaha iliyofungwa Zanzibar, Mombasa au Tanga kwa kufuata sheria ya huko inatambuliwa Uingereza kuwa ndoa. Lakini nikaha iliyofungwa sebuleni Birmingham mbele ya sheikh na mashahidi, bila usajili wa serikali, mbele ya sheria ya Uingereza si ndoa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ililisema hilo wazi kuhusu nikaha iliyofungwa London. Kwa hiyo mwanamume anayejiona mume halali, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni mume, serikali inamhesabu kuwa baba asiye na ndoa. Mamlaka yake kwa mtoto yananing’inia kwenye cheti cha kuzaliwa. Kama siku ya kusajili hakwenda, kwa sababu alikuwa kazini au nyaraka zake za uhamiaji hazikukaa sawa, jina lake halipo na idhini yake haitakiwi kwa nguvu ya sheria. Hata hivyo anaweza kuiomba mahakama izuie mabadiliko, nayo itamsikiliza. Mama mwenye baba wa namna hiyo asidhani ameshinda mapema.

Na baba wa kambo? Bwana Mbarouk anamlisha Salma, anampeleka shule, anamlipia chuo cha Kurani Jumamosi. Kwa kumuoa mama hakupata mamlaka ya mzazi hata chembe. Anaweza kuyapata kwa makubaliano yaliyotiwa saini na wazazi wote wawili wenye mamlaka, au kwa amri ya mahakama. Akiyapata hayamfuti baba mzazi, wanakuwa watatu. Mabadiliko ya jina baada ya hapo yatahitaji idhini za watu watatu.

Kwa Salma jibu ni rahisi: ndoa ya wazazi wake ilifungwa Zanzibar, na jina la baba limo kwenye cheti. Saini yake inahitajika.

Namna ya kuiomba saini hiyo huamua mengi. Mama wengi hutuma ujumbe wa simu saa nne usiku, katikati ya ugomvi wa nani amchukue mtoto sikukuu. Baba anajibu kwa hasira, au hajibu kabisa. Kutojibu si kukubali, na ujumbe wa simu wenye neno “sawa” hautaridhisha ofisi ya pasipoti. Kinachofaa ni barua fupi inayotaja jina kamili la mtoto lilivyo sasa, jina kamili linalopendekezwa, sababu katika sentensi mbili, na nafasi ya baba kuandika jina lake, kutia saini na kuweka tarehe. Wakati mwingine mjomba au shangazi anayeheshimiwa na pande zote akiipeleka barua hiyo kwa mkono, hupokewa vizuri kuliko ikitoka kwa wakili.

Baba akikataa, mlango unaobaki ni mahakama ya familia. Kwanza kuna kikao cha kuelezwa juu ya usuluhishi, ambacho mwombaji anapaswa kuhudhuria isipokuwa ana sababu inayokubalika, kama vile ukatili wa nyumbani. Kisha anajaza fomu inayoitwa C100 na kuomba mahakama iamue jambo hilo moja la ubini. Idara ya ustawi wa watoto inayofanya kazi na mahakama, Cafcass, hufanya uchunguzi wa usalama wa mtoto, na hakimu akitaka itaongea na mtoto mwenyewe na kuandika ripoti. Ada inalipwa, ingawa mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Kama baba hajulikani alipo, mama aeleze kwa vielelezo alivyomtafuta: anwani ya mwisho, simu, ndugu aliowauliza. Hakimu akiridhika anaweza kuendelea bila yeye.

Ndani ya mahakama, mama wa Salma atagundua kwamba sababu anazoziona nzito hazipimwi kwa mizani yake.

Sababu yake ya kwanza ni kwamba nyumba nzima iwe na jina moja. Katika uamuzi ule wa 1999 majaji walisema kwamba mtoto kufanana au kutofanana jina na mzazi anayeomba ni hoja isiyo na uzito mkubwa. Watoto wenye ubini tofauti na mama zao wamejaa kila darasa Uingereza, na mwalimu hashangai. Majaji waliongeza kwamba pale wazazi walipokuwa na ndoa na mtoto akasajiliwa kwa jina la baba, zinahitajika sababu zenye nguvu kuliondoa. Mahakama inaangalia masilahi ya mtoto, na inayaangalia kwa jicho la mbali: si Salma wa leo peke yake, bali pia Salma wa miaka ishirini atakayetaka kujua ametoka wapi.

Sababu ya pili ni safari. Kila wakienda Unguja, ofisa wa uwanja wa ndege anauliza kwa nini mtoto ni Khamis na mama ni Mbarouk. Usumbufu huo ni wa kweli, lakini jina si dawa yake. Anachotafuta ofisa ni uthibitisho kwamba aliyeko mbele yake ni mzazi na kwamba mzazi mwingine anajua safari. Pasipoti ya Uingereza ya mtoto haina majina ya wazazi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa mpya kinachoonyesha jina la zamani la mama, na barua ya baba vikiwa kwenye mkoba, maswali huisha upesi. Hata Salma angeitwa Mbarouk, mama angehitaji bado idhini ya baba kumtoa nchini, isipokuwa awe na amri ya mahakama kwamba mtoto anakaa naye. Akiwa nayo, anaweza kumsafirisha kwa muda usiofika mwezi mmoja bila kuuliza.

Sababu ya tatu ni kwamba baba hajali. Hapa mizani inaanza kucheza. Baba aliyetoweka kabisa, au aliyefanya ukatili kiasi kwamba jina lake linamtia mtoto hofu au linaweza kuwafichua mahali walikojificha, mahakama humtazama tofauti. Lakini baba wa Salma anakuja mara moja kwa mwezi. Si baba wa kusifiwa, ila yupo. Hakimu anaweza kusema kwamba kwa mtoto anayemwona baba yake kwa nadra, ubini ni moja ya kamba chache zilizobaki kati yao, na kwamba kuikata kungemwambia mtoto jambo ambalo hakuna mtu aliyekusudia kumwambia.

Kuna kesi iliyofika hadi Bunge la Malodi mwaka huohuo wa 1999, wakati ndiyo ilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, nayo huwashangaza watu wa pande zote mbili. Mama alikuwa ameachana na mumewe lakini akabaki na jina la mume huyo, ambalo pia lilikuwa jina la watoto wake wawili wakubwa. Akapata mtoto na mwanamume mwingine ambaye hawakufunga ndoa, wakatengana, naye akamsajili mtoto kwa jina la yule mume wa zamani. Mwanamume aliyemzaa mtoto alikuja juu: damu yangu iitwe kwa jina la mtu nisiyehusiana naye? Hakimu wa kwanza alimkubalia. Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi, na Malodi wakaubakiza hivyo. Walisema kwamba jina lililokwisha kusajiliwa lisibadilishwe mpaka ionekane kwamba mabadiliko yatamfaa mtoto, na jina lile lilikuwa la mama na la ndugu zake. Msomaji wa pwani ataona ni jambo la ajabu, maana kwetu ubini unafuata nasaba. Kwa sheria ya Uingereza wazazi wanaweza kumsajili mtoto kwa ubini wowote wanaokusudia ajulikane nao. Ukali unaanza baada ya wino kukauka.

Nasaba nayo inamgusa mama wa Salma. Kaka yake mkubwa aliposikia habari hii alipiga simu kutoka Unguja: “Dada, mtoto haitwi kwa baba wa kufikia. Soma Suratul Ahzab, aya ya 5.” Aya hiyo inaagiza watoto waliolelewa na wengine waitwe kwa baba zao, na masheikh wengi huitumia katika suala hilihili. Hata kwa Wachaga, Wanyakyusa au Wahaya walio Wakristo, jina la ukoo hubeba habari za urithi, mazishi na miiko ya kuoana, kwa hiyo kulibadili si jambo la karani peke yake. Mahakama ya Uingereza haiamui kwa aya wala kwa mila, lakini sheria ile ya 1989 inamtaka hakimu azingatie asili ya mtoto na malezi yake. Mwaka 2001 kulikuwa na kesi ya mtoto wa mama Mwislamu na baba Singasinga. Baada ya kuachana, mama alirudi kwa jamii yake na kutaka mtoto aitwe majina ya Kiislamu. Hakimu alimruhusu kuyatumia majina hayo katika maisha ya kila siku ili mtoto apokelewe kule anakokulia, lakini akakataa yabadilishwe kwa hati rasmi, ili upande wa baba usifutwe kwenye maandishi. Naiona hukumu ile kuwa ya busara, ingawa nakiri kwamba mtoto mwenye jina la nyumbani na jina la karatasini atajieleza maisha yake yote.

Njia nyingine ni kuongeza badala ya kuondoa. Katika kesi nyingine ya 2001 jaji wa kike wa Mahakama ya Rufani, Hale, ambaye baadaye aliongoza Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo, aliwashauri wazazi waliogombania ubini watumie majina yote mawili kama wafanyavyo Wahispania. Kuongeza ni kubadili pia, kwa hiyo saini ya baba inahitajika vilevile. Tofauti ni kwamba baba anaombwa kumpisha mtu, haombwi kuondoka. Nimeona watu waliokaa miezi bila kusemezana wakikubaliana juu ya hili kwa simu moja.

Idhini ikipatikana, kazi ya karatasi si kubwa, ila ina mitego. Hati ya kubadili jina inaandikwa na mzazi kwa niaba ya mtoto, inashuhudiwa, na barua ya idhini inaambatanishwa. Cheti cha kuzaliwa hakiguswi: ubini uliosajiliwa unabaki humo, na kuanzia hapo cheti na hati vinatembea pamoja. Kisha inafuata shule, daktari wa mtaa, na pasipoti. Ofisi ya pasipoti ya Uingereza inataka mtu awe na jina moja kwenye nyaraka zake zote rasmi. Kama mtoto ana pasipoti ya nchi nyingine, Kenya kwa mfano, watataka hiyo ilingane kwanza. Na ofisi za nyumbani zina masharti yao, hazilazimiki kukubali karatasi ya Leicester. Mama anayeanza na pasipoti ya Uingereza kabla ya kuuliza ubalozini hujikuta katikati, huku wanamwambia aanzie kule na kule wanamwambia aanzie huku.

Salma akifika miaka kumi na sita hali inageuka, kwa sababu kuanzia umri huo kwa kawaida anaweza kuandika hati yake mwenyewe. Kabla ya hapo maoni yake yanasikilizwa kwa kadiri ya umri na ufahamu: ya mtoto wa miaka saba yanapokewa kwa tahadhari, ya mwenye miaka kumi na minne ni vigumu kuyapita.

Katika mfano wetu mama hakwenda mahakamani. Aliandika barua, shangazi wa baba akaipeleka Manchester, na baada ya wiki mbili jibu likaja. Baba hakukataa jina la Mbarouk. Aliuliza jambo moja tu: lipi litakaa mwisho? Alikuwa na hoja, maana kwenye mahudhurio ya shule wenye haraka husoma neno la mwisho na kuliacha la katikati. Wakabishana siku tatu kuhusu mpangilio na kama kuwe na kistari katikati au la. Mwishowe baba alitia saini kwenye karatasi iliyosomeka Salma Mbarouk Khamis, maneno mawili ya mwisho yakiwa ndani ya kisanduku kimoja, bila kistari.